Shajara ya muswada wa kofia: dirisha la mashariki, Lamu

Jumatatu, 4 Mei

Muswada wa kwanza umerudi na aibu yake. Kwa atakayeanza kusoma hapa: tunatengeneza video fupi tano za kushona kofia ya viua, kila moja dakika moja au moja na nusu, za kusimama wima kwa ajili ya simu. Mimi naandika nikiwa Malindi. Anayerekodi ni mtoto wa shangazi yangu, yuko Lamu mjini, ghorofani kwao, peke yake na simu yake na stendi ya kichina. Ni mkubwa kwangu, kwa hiyo humu ni dada.

Nilimwandikia maneno vizuri, nikahesabu hata pumzi. Kuhusu mwanga niliandika sentensi moja tu juu kabisa: "Rekodi karibu na dirisha, mwanga uwe laini." Klipu imefika leo asubuhi. Dada amekaa karibu na dirisha kama alivyoambiwa. Usoni ana milia mitano, mweupe, mweusi, mweupe, kama kavaa ngozi ya punda milia. Ni fito za mbao za dirisha, kivuli chake kimekatwa kwa wembe. Jicho la kushoto liko juani na amelikunja, la kulia liko gizani. Kofia aliyoishika ni kipande cha weupe mtupu. Hakuna uzi, hakuna kiua, ungeweza kusema ameshika sahani.

Ujumbe wake chini ya klipu: "Nimekaa dirishani ulivyosema. Laini ndiyo hii?"

Jumanne, 5 Mei

Kosa ni langu. "Laini" ni neno la mtu anayejua tayari. Mtu aliyekaa dirishani saa tatu asubuhi, jua linampiga, haoni kitu chochote kigumu pale. Anaona mwanga mwingi, na mwanga mwingi kwake ni jambo zuri.

Kivuli kinakuwa kikali au hafifu kulingana na ukubwa wa kinachotoa mwanga, ukitazama kutoka pale alipo anayerekodiwa. Jua ni kubwa sana, lakini liko mbali mno hata angani linatosha kufunikwa na ncha ya kidole kidogo ukinyoosha mkono. Kwa uso wa dada jua ni nukta, na nukta huchora kivuli chenye ukingo. Dirisha lisilopigwa na jua, ambalo linaleta mwanga wa anga au wa ukuta ulio ng'ambo, ni kitu kingine kabisa. Hapo kinachotoa mwanga ni uwazi mzima wa dirisha, na mwanga unaofika puani unatoka pande nyingi, kwa hiyo kile ambacho upande mmoja unakificha, upande mwingine unakifikia. Ukingo wa kivuli unayeyuka.

Kwa hiyo dirisha lile lile, kiti kile kile, linaweza kuwa taa mbili tofauti kwa siku moja. Sikumwambia dada awe kwenye ipi.

Alhamisi, 7 Mei

Kabla ya kuandika neno jingine nimemwomba anipimie chumba. Si kazi ya siku nzima: kila saa apige picha moja ya dirisha kutoka mlangoni, na moja ya kidole chake akiwa amekishika shibiri moja juu ya karatasi nyeupe pale anapokaa. Kidole ndicho kipimo. Kivuli cha kidole kikiwa na ukingo unaoweza kuufuata kwa kalamu, mwanga ni mkali. Kikiwa doa hafifu lisilojulikana linaishia wapi, mwanga ni laini. Hakuna haja ya kifaa.

Majibu yamekuja leo jioni, pamoja na malalamiko kwamba shangazi amemuuliza kama anapiga ramli.

Dirisha linaangalia mashariki, kwenye kichochoro. Limepanda kama dhiraa tatu, lina upana wa wari moja, na ukuta wenyewe ni wa matumbawe, unene karibu nusu mita. Ng'ambo ya kichochoro, kama mita mbili na nusu tu, kuna ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Ukuta huo hauendi juu sana, unaupita ukingo wa chini wa dirisha letu kwa kimo cha mtoto hivi. Jua la asubuhi linaruka juu yake na kuingia moja kwa moja. Kuanzia kama saa mbili na nusu hadi saa tano kivuli cha kidole ni kikali, na pale saa tatu jua linafika karibu na ukuta wa ndani wa pili. Chumba chenyewe ni chembamba, kama vyumba vingi vya nyumba za zamani za Lamu, kwa kuwa upana unaamuliwa na urefu wa boriti za dari.

Halafu jambo nililokuwa sikulifikiria. Saa sita na robo hivi jua linakuwa limefika juu kabisa, na baada ya hapo linahamia upande wa magharibi, nyuma ya nyumba ya kina dada. Dirishani haliingii tena. Lakini sasa linaupiga ule ukuta wa jirani, uso wake unaotutazama sisi. Picha ya saa nane ni nzuri ajabu: ukuta mzima wa chokaa unawaka, na kivuli cha kidole kwenye karatasi kimekuwa ukungu. Jirani ametujengea taa ya mita tatu bila kujua.

Taa hiyo ina muda wake. Saa saba jua liko juu mno, linaupangusa ukuta kwa ubavu tu, bado mwanga ni mdogo. Saa nane hadi saa tisa na nusu ndiyo nafasi. Baada ya hapo kivuli cha nyumba yao wenyewe kinaanza kuupanda ukuta wa jirani kama maji yanavyopanda, na picha ya saa kumi inaonyesha utepe mwembamba tu wa jua umebaki juu.

Jumamosi, 9 Mei

Mwenzangu mmoja hapa Malindi, mpiga picha za harusi, aliponisikia nikizungumza habari za madirisha alinikatiza: "Mwambie atumie dirisha la kaskazini. Kila mwalimu anasema kaskazini." Walimu wanaosema hivyo wako mbali na kwetu kaskazini, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima na dirisha la kaskazini haliguswi. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo tu kusini mwa ikweta. Kwetu jua linahama. Tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba mchana linapita upande wa kaskazini wa utosi, na miezi iliyobaki linapita upande wa kusini.

Maana yake ni kwamba sasa hivi, mwezi wa Mei, dirisha la kaskazini ndilo linaloweza kuingiza jua mchana, na la kusini ndilo salama. Desemba yanabadilishana zamu. Afadhali lakini, jua la mchana la huku liko juu sana hata mwezi wa Juni, kwa hiyo likiingia linaangukia karibu na ukuta, chini ya mita moja ndani, na unene wa ukuta wa matumbawe unakula nusu ya hiyo. Mtu aliyekaa ndani kidogo hatalihisi.

Sebuleni kwao kuna dirisha dogo la kaskazini. Nimeliacha. La mashariki, pamoja na ukuta wa jirani, halijali mwezi.

Jumanne, 12 Mei

Muswada wa pili umekwenda. Nimebadili namna ya kuandika. Zamani maelezo ya mwanga yalikaa juu ya ukurasa peke yake, na mtu huyasoma mara moja, akianza kusema maneno ameshayasahau. Sasa kila shoti ina mistari minne, na mwanga na fremu vinatangulia maneno, kwa sababu ndivyo kazi inavyokwenda: unakaa, unaweka simu, unatazama, kisha unasema.

Jambo la pili ni vipimo. Nilianza na "nyuzi 45 kutoka dirishani", nikafuta. Dada ni mshonaji. Shibiri, dhiraa na wari ziko mkononi mwake tangu utotoni. Na pale ambapo kipimo hakitoshi, nimeandika kile atakachokiona kwa macho yake. Hii ni shoti ya pili ilivyo sasa:

SHOTI YA 2: USO
KAA: Kiti kiwe wari moja na shibiri moja kutoka ukingo wa dirisha. Dirisha liwe kushoto kwako, mbele kidogo. Ukiangalia simu, uone ukingo wa dirisha kwa pembe ya jicho la kushoto bila kugeuza kichwa.
FREMU: Simu imesimama wima, kioo chake kiwe kimo cha macho yako. Juu ya kichwa ibaki nafasi ya vidole viwili kwenye kioo. Kofia uishike kifuani, si tumboni. Dirisha lisionekane kabisa.
TAZAMA: Rekodi sekunde tatu, simamisha, tazama. Kila jicho lina nukta nyeupe ya dirisha? Kivuli cha pua kimeishia shavuni? Kikigusa kona ya mdomo, geuza kiti kidogo uelekee dirishani.
MANENO: "Hii ni kofia ya viua. Kila tundu unaloliona limetobolewa, kisha likazungushiwa uzi kwa mkono."

Ule mstari wa TAZAMA ndio nilioutafuta wiki nzima. Mimi siko pale. Siwezi kujua wingu limepita, wala kama kiti kimesukumwa na mtoto. Kivuli cha pua kinajua.

"Kifuani, si tumboni" ina sababu yake pia. Video ikishawekwa, sehemu ya chini ya kioo inafunikwa na maelezo, na upande wa kulia na vitufe. Kofia iliyoshikwa chini itazikwa.

Alhamisi, 14 Mei

Klipu ya saa nane na robo. Milia imekwenda. Uso umetulia, nukta ziko machoni, na kwa mara ya kwanza dada anaonekana kama mtu anayezungumza nawe badala ya mtu anayehojiwa polisi.

Lakini shavu la kulia ni jeusi. Si kivuli chenye ukingo, ni giza tu, kama upande ule wa uso haupo. Nimemuuliza kuna nini kulia kwake. "Kabati." Kabati la nguo la mti, refu, kahawia iliyokolea, mita moja kutoka begani. Ukuta mweupe ungerudisha mwanga wa dirisha kwenye shavu lile, kabati linaumeza. Nimemwambia atundike shuka nyeupe juu ya milango ya kabati, ining'inie hadi chini, na isiyo na maua. Ndani ya dakika kumi amerudisha klipu nyingine, na shavu limerudi.

Kwanza, kabla ya shuka, alijaribu njia yake. Aliona upande mmoja una giza, akasogeza kiti karibu zaidi na dirisha apate mwanga mwingi. Mambo yakaharibika zaidi, naye hakuelewa kwa nini. Ukikaa dhiraa moja kutoka dirishani, bega la pili liko karibu mara mbili ya umbali wa bega la kwanza, na mwanga unapungua haraka kwa hatua hiyo. Ukikaa wari moja na shibiri, tofauti kati ya bega na bega ni ndogo, kwa hiyo uso unalingana. Ila usiende mbali sana nako: ukifika ukuta wa pili, dirisha limekuwa dogo kwako, mwanga ni haba, na simu inaanza kujilazimisha. Utajua kwa chembechembe zinazochemka kwenye buibui, kama mchanga kwenye maji.

Jambo dogo la mtandio. Ukingo wake ulikuwa umetoka mbele ya paji la uso kama ukingo wa chepeo, ukaweka utaji wa kivuli juu ya macho. Nimeandika kwenye KAA: "Mtandio urudi nyuma upana wa kidole." Shangazi amekubali upana wa nusu kidole. Tumeafikiana hapo.

Na taa ya dari izimwe. Taa yao ni ya manjano, dirisha ni la buluu kidogo, na simu haiwezi kuridhisha zote mbili. Shavu moja linakuwa ndizi.

Jumatatu, 18 Mei

Nimecheka leo peke yangu ofisini. Klipu ya shoti ya nne, kila kitu kimefuatwa, kiti mahali pake, shuka juu ya kabati, saa nane na dakika ishirini, kivuli cha pua shavuni. Na uso wa dada ni wa kijani. Kofia nyeupe ni ya kijani pia, kijani cha embe bichi, laini na sawasawa kila mahali.

Nikadhani simu imeharibika rangi. Nikamwambia abadilishe hiki, aguse kile, tukapoteza nusu saa. Mwishowe shangazi ndiye aliyeenda dirishani akachungulia, nikamsikia kwenye simu: "Ndoo uone." Jirani alikuwa ameanika turubai la kijani kwenye ukuta wake, lile la kufunikia mashua, likauke.

Haikuwa simu. Ukuta ndio taa yetu, na taa ikivaa kijani, inatoa kijani. Nimeongeza mstari mwanzoni mwa muswada, kabla ya shoti ya kwanza: "Chungulia nje. Ukuta wa jirani uko mweupe? Kama kuna kitu cha rangi kimeanikwa, leo usirekodi uso." Na kipimo cha pili ndani: karatasi nyeupe ishikwe kando ya shavu kwa sekunde mbili mwanzo wa kila siku ya kurekodi. Ikionekana nyeupe kwenye kioo, endelea.

Alhamisi, 21 Mei

Siku mbili zimekwenda kwenye kofia yenyewe, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Kofia ni nyeupe na uzi ni mweupe. Hakuna rangi ya kutofautisha mshono na kitambaa. Kinachoonekana ni kivuli kidogo tu, kile kinachokaa ndani ya tundu na kando ya uzi ulioinuka. Sasa mimi nimemsumbua dada wiki mbili aondoe vivuli usoni, na nikamwandikia shoti ya mikono kwa mpango ule ule: dirisha mbele kidogo, mwanga ukitoka pale pale ilipo simu. Matokeo ni kofia bapa. Viua vimetoweka. Mwanga unaotoka upande wa simu unajaza kila tundu, na tundu lililojaa mwanga si tundu tena.

Kwa mikono, kwa hiyo, nimegeuza. Mwanga ubaki laini, hilo halibadiliki, lakini uje kutoka ubavuni, uupanguse uso wa kofia. Laini na wa ubavuni ni vitu viwili tofauti, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevichanganya: ulaini unaamua ukingo wa kivuli ukoje, upande unaamua kivuli kinaangukia wapi. Muswada unasema hivi sasa:

SHOTI YA 5: MIKONO
KAA: Meza ndogo, dirisha kushoto kabisa, sawa na kiwiko. Chini ya kofia tandika kitambaa cha buluu iliyokolea.
FREMU: Simu juu ya kofia, inaangalia chini. Kofia ijaze kati ya fremu, vidole viwili tu vionekane. Mkono wa kushoto usipite kati ya dirisha na sindano.
TAZAMA: Inamisha kofia polepole kuelekea dirishani na kurudi. Kuna mahali viua vinatokea vyote kwa pamoja kama nyota. Simama hapo.
MANENO: "Tundu likishatobolewa, uzi unapita karibu karibu, mpaka ukingo uwe mgumu."

Ule mstari wa kuinamisha ni wa dada mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika kipimo cha mwinamo. Akaniambia, "Mshonaji akikagua kofia ndivyo anavyofanya, anaipeleka na kuirudisha mpaka aone." Nimefuta changu.

Mkono wa kushoto ni tatizo la mtu anayeshona kwa mkono wa kulia na dirisha liko kushoto: mkono unaoshika kitambaa ndio unaosimama mbele ya mwanga. Tulijaribu kumgeuza dirisha liwe kulia, na hapo mkono wa sindano ukawa ndio unaoweka kivuli juu ya sindano, jambo baya zaidi. Tumerudi kushoto, na vidole vya kushoto vinashika kofia kwa nyuma badala ya pembeni.

Kisha weupe wenyewe. Simu ikiona vidole na kitambaa cha buluu iliyokolea, inafungua mwanga ili ivione, na kofia inaungua. Ikiungua haiokoki, hakuna kurekebisha baadaye kutakakorudisha uzi ambao haukurekodiwa. Dawa: gusa kofia kwenye kioo, shikilia mpaka kikufuli kitokee, kisha telezesha alama ya jua chini kidogo. Kidogo kiasi gani? Mpaka uweze kuhesabu nyuzi kwenye ukingo wa kiua kimoja. Vidole vitakuwa na giza kidogo. Vivumilie, video ni ya kofia.

Jumatatu, 25 Mei

Upepo wa kusi unaleta mawingu, na mawingu yanatupita juu ya sentensi. Katikati ya "uzi unapita karibu karibu" ukuta wa jirani unazimika, kisha unawaka. Kama mwangaza haukufungwa, simu inahangaika kufuata, na picha inapumua. Kama umefungwa, picha inaingia giza kisha inatoka. Ya pili angalau ni ya kweli, nayo naweza kuikata.

Kwa hiyo nimepasua maneno. Hakuna shoti inayozidi sentensi mbili, na baada ya kila shoti nimeandika "hapa pumua, tazama ukuta." Ukuta ukiwa umezimika, subiri. Mawingu ya msimu huu mengi hayakai.

Halafu nimevunja mpangilio. Nilikuwa namwacha arekodi kwa mfuatano wa maneno: uso, mikono, uso, mikono. Kila mara anahamisha kiti na meza, na kati ya uso wa kwanza na uso wa tatu robo saa imepita, mwanga umepanda ukutani, na video ikiunganishwa mtu anaonekana amezeeka na kurudi ujana ndani ya dakika moja. Sasa muswada una kurasa mbili. Ya kwanza ina mfuatano wa kusikilizwa. Ya pili ina mfuatano wa kurekodi: nyuso zote za video mbili, saa nane hadi saa nane na nusu, bila kugusa kiti, kisha mikono yote. Mikono inavumilia kuchelewa, kwani meza inaweza kusogezwa karibu na dirisha kadiri mwanga unavyopungua. Uso hauvumilii.

Ameuliza kama anaweza kurekodi mikono asubuhi, kwa kuwa mchana watoto wanarudi kutoka madrasa. Anaweza, akitundika melimeli nyeupe dirishani, itandazwe ifunike uwazi wote. Jua likipiga kitambaa, kitambaa ndicho kinachokuwa taa, na fito zinapotea. Sharti jua lipige kitambaa chote. Saa nne na nusu linapiga kipande cha chini tu, na kipande kidogo kinaanza tena kuchora ukingo. Kidole juu ya karatasi kitamwambia.

Jumamosi, 30 Mei

Idi imetukata katikati ya wiki. Kofia zenyewe ziliuzwa, hata ile ya kurekodia. Shangazi ametuazima ya marehemu babu, nyeupe iliyoanza kuwa ya maziwa, na kusema kweli inaonekana vizuri zaidi kwenye simu kuliko mpya.

Video mbili zimekamilika, ya tatu ina uso bila mikono. Nimetazama muswada wa kwanza na huu wa leo ubavu kwa ubavu: ule ulikuwa na maneno 210 ya kusema na sentensi moja ya mwanga, huu una maneno 160 na karibu nusu ya ukurasa ni KAA, FREMU na TAZAMA. Dada anasema hasomi tena KAA, alama za chaki ziko sakafuni. Anasoma TAZAMA peke yake. Muswada wa nne nitaufupisha kwa kufuata hilo, niache KAA kwenye shoti mpya tu.

Bado sijamaliza shoti ya mwisho, ile ya kofia kichwani mwa mdogo wake akiwa amesimama dirishani na kichochoro kikionekana nyuma. Hapo dirisha limo ndani ya fremu, na yote niliyoandika hapo juu yanapinduka: simu itachagua kichochoro na kijana atakuwa kivuli cha mtu. Nafikiria tumsogeze kwenye unene wa ukuta, aegemee ubavu wa dirisha, nusu uso nje, shuka ya kabati ihamishwe upande wa ndani. Tutajaribu Jumanne.

Jirani ametuma salamu. Anauliza kama anaweza kuanika turubai wiki ijayo. Nimemjibu dada: aanike asubuhi, aanue kabla ya saa nane.